Wastani wa 48.8 kwa mtoto asiyeshuka chini ya 65

Muhula wangu wa kwanza kama mwalimu wa darasa, mzazi alirudi na ripoti ya mwanawe mkononi. Aliuliza kwa upole: "Mwalimu, hakuna somo alilopata chini ya asilimia 65. Hii 48.8 imetoka wapi?" Sikuwa na jibu, na iliniuma, kwa sababu mtoto alikuwa ameshaisoma ripoti hiyo.

Alama zake zilikuwa hivi: Hisabati 36 kati ya 50, Kiswahili 84 kati ya 100, Kiingereza 65 kati ya 100, Sayansi 41 kati ya 50 na Uchoraji 18 kati ya 20. Nilijumlisha nikapata 244, nikagawa kwa masomo matano, nikaandika 48.8%. Kugawa hivyo kunafaa pale tu masomo yote yanapotahiniwa kwa alama 100. Hapa 18 ya Uchoraji, alama nzuri kuliko zote, ndiyo iliyomshusha.

Njia ya kwanza iliyo sahihi ni kugeuza kila somo kuwa asilimia kabla ya kujumlisha. 36 gawa kwa 50 mara 100 ni 72. Mengine yanakuwa 84, 65, 82 na 90. Jumla 393, ukigawa kwa 5 unapata wastani wa 78.6%.

Njia ya pili ni asilimia ya jumla: alama zote alizopata, gawa kwa alama zote zilizowezekana. 244 gawa kwa 320 mara 100 ni 76.25%. Kwenye Excel, alama zikiwa safu ya B na alama kamili safu ya C:

```
=SUM(B2:B6)/SUM(C2:C6)*100
```

Majibu mawili, na yote ni sahihi. Katika wastani, Uchoraji wa alama 20 una uzito sawa na Kiswahili cha alama 100. Katika asilimia ya jumla, Kiswahili kina uzito mara tano. Mimi hutumia wastani, maana sioni kwa nini somo lipungue uzito kwa kuwa mtihani wake ulikuwa mfupi. Ila ukichagua moja, itumie kwa darasa zima, la sivyo nafasi za wanafunzi hazilinganishiki.

Kabla ya kusaini ripoti, tazama asilimia ya chini na ya juu kabisa. Jibu, kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, lazima liwe katikati yake, hapa kati ya 65 na 90. Ile 48.8 ningeikamata papo hapo.

Mtoto akikosa mtihani kwa ugonjwa, usimwandikie sifuri. Acha wazi, na ufute pia alama kamili za somo hilo. Tuseme huyu angekosa Uchoraji: 226 kwa 300 ni 75.3%. Ukiisahau ile 20 kwenye safu ya C, anashuka hadi 70.6% kwa mtihani ambao hakuufanya.