Usikate mkate nyumbani: jinsi ninavyoanza somo la sehemu darasani

*"Wakuu, nimepewa kufundisha sehemu kwa mara ya kwanza, watoto wa miaka minane hivi. Nataka nitumie mkate na matunda, si kuchora ubaoni tu. Nianzie wapi, na kipindi nikipange vipi?"*

Mwalimu mwenzangu, nikuambie kwanza nilivyoharibu mimi. Mara ya kwanza nilikata mkate nyumbani, nikaufunga vizuri, nikaingia darasani na vipande tayari. Watoto walijibu kila swali. "Hii ni nini?" "Robo!" Nikatoka nimejaa furaha. Siku ya pili nikachora mstatili, nikaugawa mara nne kwa makusudi mazito: kipande kimoja kikubwa, vitatu vyembamba. Nikatia kivuli kimoja chembamba. Karibu darasa zima likaandika robo.

Hawakuwa wamejifunza sehemu. Walikuwa wamejifunza kuhesabu vipande. Vikiwa vinne, kimoja ni robo, basi, hata kiwe chembamba kama uzi. Usawa wa vipande hawakuwahi kuuona kwa sababu niliumalizia jikoni kwangu. Tangu hapo kukata kunafanyika mbele yao, na kubishana juu ya mkato ndiyo kazi kubwa ya kipindi.

Mkate uwe wa jana. Ule wa leo ni laini mno, unabonyea chini ya kisu na kumwaga makombo, na mtoto akipewa kipande kilichobonyea atakwambia amepunjwa, na ana haki. Tumia slesi za katikati, zile za mwisho ziache. Kama slesi ina mgongo wa mviringo juu, ipunguze iwe mraba kabla ya kipindi. Huo ndio ukataji pekee ninaoufanya nyumbani.

Darasa la watoto 40 nalipanga kwa vikundi vya wanne wanne, kila kikundi slesi moja, karatasi moja safi na penseli. Wanaanza kwa kuweka slesi juu ya karatasi na kuzungushia mstari pembeni. Usiuruke mstari huo, nitakueleza kazi yake. Kisu nashika mimi. Wao wananionyesha kwa rula nikate wapi, nami nakata pale pale walipoonyesha, hata wakikosea.

Naanza na nusu. Nakata, kisha nauliza: "Mtajuaje kama viko sawa?" Wapo watakaosema kwa macho. Wabane mpaka atokee wa kupandisha kipande kimoja juu ya kingine. Hicho ndicho kipimo chao cha siku nzima. Utasikia pia "mimi nipe nusu kubwa". Usicheke tu ukapita. Nyumbani wanasema "nusu" kwa kipande chochote kilichokatwa, kwa hiyo muulize mwenzake: kama ni kubwa, hiyo nyingine inaitwaje? Waache wazozane.

Kisha wanne wagawane sawa. Hapa karibu wote wanaonyesha msalaba, vinatoka vimraba vinne. Kikundi kimoja kipe slesi nyingine nzima, uikate pembe kwa pembe, vitoke vipembetatu vinne. Weka kimraba na kipembetatu mezani, uliza nani amepata zaidi. Kuna siku binti mmoja aling'ang'ania kwamba kipembetatu ni kikubwa "kwa sababu ni kirefu". Kupandisha hakusaidii, maumbo hayalingani. Nikakata kipembetatu kutoka ncha ya katikati ya mkate moja kwa moja hadi katikati ya upande wake mrefu, nikampa vile vidogo viwili. Akavigeuzageuza, akaviunganisha, vikawa kimraba kilekile. Alinyamaza, akaniomba nimkatie kingine ajaribu tena. Jaribu kwanza kwa karatasi kabla hujaingia darasani, mkono uzoee.

Sasa ule mstari wa penseli. Ukisema mtoto mmoja aondoe kipande chake, mezani vinabaki vitatu. Muulize ameondoa sehemu gani, wengi watasema "moja kati ya tatu", kwa sababu wanalinganisha kilichoondoka na wanachokiona. Kizima kimeshapotea machoni. Lakini vipande vikiwa vimekaa ndani ya mstari, kikiondoka kimoja pengo lake linaonekana, na mtoto anahesabu nafasi nne. Kwa hiyo pia hakuna kula mpaka mwisho. Nilishawahi kuruhusu wale katikati, nikabaki kufundisha makombo.

Suala la lugha nalo. Neno "robo" halimwambii mtoto chochote kuhusu nne, na "theluthi" haimwambii tatu. Sisi watu wazima tumezoea tu. Kwa hiyo karibu kipindi chote cha kwanza nasema "sehemu moja kati ya nne zilizo sawa", refu hivyo hivyo, mpaka walichoke wenyewe. Mwishoni ndipo nawapa jina fupi: robo. Theluthi naiacha siku nyingine kabisa. Ukiwaambia wagawe slesi kwa watatu, wengi watakata nusu, kisha nusu moja wataikata tena, na kusema viko vitatu. Ni kosa zuri la kujadili, ila si la siku ya kwanza.

Dakika tano za mwisho nachora miraba miwili ubaoni: mmoja umegawanywa sawa mara nne, mwingine ovyo mara nne, kila mmoja una kivuli kimoja. Waandike upi una robo, na kwa nini. Anayesema yote miwili bado anahesabu vipande, naye kesho nakaa naye kwenye mkate tena kabla sijamwonyesha namba.

Kipindi cha pili ndipo inakuja 1/4. Naanza kuandika chini: mstari, kisha 4, kwa kuwa hiyo tunaijua mara tu tukishakata. Juu nasubiri mtu achukue kipande. Anayeanza juu hujikuta anaandika 1 na 3, kilichochukuliwa na kilichobaki. Majina "kiasi" kwa ya juu na "asili" kwa ya chini yatafuata baadaye, hayana haraka. Siku hiyohiyo kata slesi mbili zinazolingana, moja mara nne, nyingine mara nane, waulize ipi kubwa, 1/4 au 1/8. Watakaodanganywa na 8 waache wachague kipande cha kula. Hakuna atakayechagua cha nane mara mbili.

Matunda nayatumia mwishoni, na si kwa kufundisha robo. Ndizi ukiikata vipande vinne vyenye urefu sawa, vya ncha ni vyembamba, na vijipande vya ndani ya chungwa havitoshani. Ukianzia hapo unabomoa ule usawa ulioujenga kwa mkate. Lakini wakishaujua, wape ndizi hiyo waseme kama kila kipande ni robo. Watakukatalia kwa kelele, na hapo ujue wameelewa.

Chungwa nalitumia kwa jambo moja: kizima ni kipi. Chukua dogo na kubwa, kata kila moja katikati, inua nusu moja ya kila chungwa. Zote ni nusu? Ndiyo. Zinalingana? Hapana. Darasa langu lilizozana karibu dakika kumi, mpaka kijana wa nyuma akasimama: "Mwalimu, zote ni nusu, lakini mimi naomba nusu ya lile kubwa."