Barua iliyoandikwa juu ya maandishi mengine: nilivyoinukuu na nilipokosea

Kama hujawahi kukutana nayo, picha yake ni hii. Mtu amejaza ukurasa kwa mistari ya kawaida, akaona nafasi imeisha na maneno bado anayo, basi akageuza karatasi robo mzunguko akaandika tena juu ya yale yale aliyokwisha andika, mistari mipya ikikatiza ya zamani kama wavu. Mara ya kwanza nilipotumiwa picha za barua ya hivyo nilidhani mtoto kaichezea kalamu.

Ile yangu ilikuwa ya Uingereza ya mwaka 1837, na ukijua posta ya kule ilivyokuwa wakati ule humlaumu mwandishi. Malipo yalihesabiwa kwa idadi ya karatasi na umbali, na mara nyingi aliyelipa ni anayepokea, kwa hiyo karatasi ya pili ilimaanisha unamuongezea gharama ndugu yako. Hata bahasha ilihesabiwa karatasi ndo maana barua yenyewe ilikunjwa na anwani ikaandikwa mgongoni. Mwaka 1840 walileta bei moja ya peni kwa uzito mdogo, nusu aunsi, popote ndani ya nchi, lakini watu walishazoea wakaendelea kukatiza tu miaka mingi baadaye.

Sasa kosa langu la kwanza, na naona wengi wanalifanya. Karatasi ilikuwa moja kubwa imekunjwa katikati, kwa hiyo kurasa 4. Mimi nikanukuu ukurasa wa 1 mistari ya kawaida, nikageuza picha nikanukuu mistari iliyokatiza ya ukurasa huo huo, ndo nikaenda wa 2. Nilivyosoma kazi yangu nikakuta mtoto kapona kwanza halafu, kurasa mbili mbele, ndo anaanza kuugua homa. Kumbe mwandishi hakukatiza palepale. Aliandika kurasa zote 4 kawaida, kwenye wa 4 akapita juu na chini ya anwani, nafasi ilipoisha akarudi ukurasa wa 1 na hapo ndo akageuza karatasi. Njia ya kujua ni rahisi, angalia sentensi ya mwisho ya mistari ya kawaida kwenye ukurasa wa 4, kama imekatika katikati basi tafuta nusu yake kwenye mwanzo wa mistari iliyokatiza. Kwangu ukurasa wa 4 uliishia na "tena daktari akasema" (kwa Kiingereza chao) na iliyokatiza ya ukurasa wa 1 ikaanza na alichosema daktari. Siyo kila mwandishi anafuata mpangilio huo, kwa hiyo usiukariri, ufuate uzi wa sentensi. Na saini usitarajie iwe mwisho wa ukurasa wa mwisho, yangu ilikuwa imebanwa pembeni ya ukurasa wa 1.

Kabla ya kuanza tengeneza nakala mbili za kila picha, moja imesimama na nyingine imezungushwa nyuzi 90. Ukizungusha upande usio sahihi maandishi yanakuwa kichwa chini, na kwenye wavu ule unaweza kukaa dakika kadhaa hujagundua, mimi naangalia mikia ya g na y, lazima ining'inie chini. Halafu chapisha zile nakala, chukua kadi nyeusi ukate tundu refu jembamba lenye kimo cha mstari mmoja, uwe unaishusha mstari kwa mstari. Kinachosaidia ni kwamba ndani ya lile tundu mistari mingine haionekani tena kama maneno, inabaki vipande vipande, na jicho linaacha kuifuata. Kadi iwe juu ya nakala, barua yenyewe iache ipumzike.

Kama wino wa tabaka mbili una rangi tofauti una bahati. Kuna waliokatiza kwa wino mwekundu, na hapo fungua picha kwenye programu ya kuhariri uangalie chaneli ya nyekundu peke yake, ule wino mwekundu utafifia karibu upotee ubaki mweusi tu. Yangu ilikuwa kahawia juu ya kahawia, wala haikusaidia kitu.

Tuje kwenye kinachoumiza kichwa kweli, mikwaruzo isiyo na mwenyewe. Fikiria herufi ndefu, l, h, d, p, zina mguu uliosimama. Ukigeuza karatasi, ile miguu yote ya maandishi ya chini inalala, inakuwa vistari vya mlalo vinavyopita katikati ya maandishi ya juu. Kimoja kikipita kwenye l unasoma t. Kikipita katikati ya neno unaona limefutwa, wakati mwandishi hajafuta chochote. Nukta ya i ya chini inageuka nukta ya mwisho wa sentensi. Yaani unasoma kitu ambacho hakuna aliyekiandika.

Mfano wangu. Kwenye mistari iliyokatiza ya ukurasa wa 2 mwandishi anataja deni la shemeji yake, nikasoma pauni 17, safi kabisa, 7 ina kichwa chake juu. Nikaandika 17 nikasonga. Mistari minne chini anasema 6 zimeshalipwa na zimebaki 5. Hesabu haikubali. Nikarudi kwenye picha iliyosimama, nikatafuta mahali pale pale, nikakuta mguu wa p ya neno la chini umeishia hasa kwenye ncha ya 1 ya pili. Kichwa cha 7 kilikuwa mguu wa p. Deni lilikuwa 11.

Tangu hapo nina utaratibu ambao siuachi. Mistari ya kawaida nainukuu yote kwanza mpaka mwisho, hata kama iliyokatiza inasomeka vizuri zaidi, kwa sababu nikishajua neno la chini ni lipi najua linatakiwa kuwa na miguu mingapi na iko wapi. Nikifika kwenye iliyokatiza, kila mkwaruzo ninaoutilia shaka naugeuza na kuuliza ni wa nani, kama neno la chini linaudai nautoa, kama haliudai ni wa juu. Namba na majina ya watu nafanya hivyo hata nisipokuwa na shaka, maana neno la kawaida sentensi itakusahihisha ila jina halina wa kulisahihisha.

Kwenye faili naacha mistari ikatike pale pale ilipokatika kwenye karatasi, na kila kipande nakipa kichwa ili mwingine aweze kurudi kwenye picha:

```
[uk. 4, kawaida]
[uk. 1, iliyokatiza]
[uk. 2, iliyokatiza]
```

Neno nisilo na uhakika nalo linafuatwa na [?], lisilosomeka kabisa naandika [halisomeki]. Pale muhuri ulipobandikwa karatasi ilichanika ilipofunguliwa, na kumbuka tundu moja linakula maneno ya kila tabaka lililopita pale, kwa hiyo liandike kila sehemu na siyo mara moja tu. Barua ile ilinichukua jioni tano, na mpaka leo ina [halisomeki] mbili, zote kwenye kona ya ukurasa wa 3 ambapo wino wa upande wa pili umepenya ukaja juu, hapo kuna maandishi matatu yanagombania sehemu moja na nimeamua kuyaacha yagombane.