Pesa zimefika pungufu: nimwandikieje muuzaji wa Mombasa?

Swali: Nina duka la mabomba na koki hapa Chake Chake. Nimemlipa muuzaji wangu wa Mombasa dola 4,860 kwa benki, sawasawa na ankara. Ananambia zimefika 4,832, na mzigo wa pili wa dola 3,200 hautengenezi mpaka nimalizie. Benki yangu inasema imetuma kamili na karatasi ninayo mkononi. Nimwandikie nini, na hizo dola 28 nimtumieje?

Jibu: Nyote wawili mnasema kweli, na hapo ndipo ugomvi wa namna hii unapozaliwa. Karatasi uliyonayo inaonesha kilichotoka kwenye benki yako. Haioneshi kilichokatwa njiani, kwa sababu ilichapwa kabla pesa hazijaanza safari. Ukimpelekea hiyo peke yake ataona unambishia tu.

Dola haitoki Pemba ikaingia Mombasa moja kwa moja, ingawa jahazi linafika kwa usiku mmoja. Benki yako na ya kwake mara nyingi hazina akaunti ya dola baina yao, kwa hiyo pesa hupitia benki ya tatu, aghalabu New York, na hiyo hukata ujira wake kutoka ndani ya pesa zenyewe. Zikifika Mombasa, benki ya muuzaji nayo inaweza kumkata mteja wake ada ya kupokea. Kwa hiyo hizo 28 huenda si kato moja bali ni mawili, na kabla hujaandika neno unahitaji kuyatenganisha.

Kwanza tazama karatasi yako penye `71A`. Naamini utakuta `SHA` (kwenye muundo mpya wa ujumbe wa benki ni `SHAR`). Maana yake umelipa ada ya benki yako tu, na makato ya mbele yanatoka kwenye pesa zinazokwenda. Kisha tafuta namba ndefu ya herufi 36 iitwayo `UETR`. Hiyo haibadiliki njia nzima. Mpe muuzaji aipeleke benki kwake, aombe nakala ya ujumbe *waliopokea wao*. Nakala hiyo ndiyo ushahidi, kwani benki ya njiani huandika humo kato lake. Tuseme, kwa muundo wa zamani, inasomeka hivi:

```
:32A: 260211USD4842,00
:33B: USD4860,00
:71A: SHA
:71F: USD18,00
```

`33B` ni ulichoagiza kitumwe, `71F` ni kato la njiani, na `32A` ni kilichoifikia benki yake. Kumbe zilifika 4,842. Dola 10 zilizobaki hazimo kwenye ujumbe kabisa. Hizo amekatwa na benki yake mwenyewe, na zitaonekana kwenye taarifa ya akaunti yake tu.

Sasa nani abebe nini? Soma ankara. Ikiwa imeandikwa kwamba makato yote ni juu ya mnunuzi, lipa 28 zote na usibishane. Ikiwa haisemi kitu, rai yangu ni hii: 18 ni zako, kwa sababu `SHA` uliichagua wewe au uliiacha karani akuchagulie, na yeye hakuulizwa. Zile 10 ni bei ya kuweka akaunti kwenye benki aliyoipenda mwenyewe. Angelipwa na mtu yeyote zingekatwa vilevile. Wapo wafanyabiashara wanaozilipa kwa ajili ya mapatano, na si vibaya, lakini mlipe ukijua kwamba unamlipia, si kwamba unadaiwa.

Kuhusu njia ya kulipa, usitume dola 18 peke yake. Ada ya benki yako kwa hawala ya nje inaweza kuzidi deni lenyewe, halafu benki ya njiani ikate tena na kitu kisifike. Nimewahi kuona mteja anatuma dola 25 kufunga deni la aina hii, zikafika 3. Zipandishe kwenye malipo ya mzigo wa pili, ila zikae kwenye mstari wake.

Pia anaweza kukwambia, "Basi nakuandikia ankara mpya ya 4,832, yaishe." Mkatalie kwa upole. Bidhaa zimeuzwa 4,860, na ankara hiyo ndiyo inayokwenda forodhani. Ada ya benki haipunguzi bei ya koki. Kama ameamua kukusamehe, akuandikie hati ya punguzo mbali, ankara ya mwanzo ibaki ilivyo.

Barua iwe fupi, hesabu zionekane bila kutafutwa:

> Assalaam alaykum, Bwana,
>
> Nimepata ujumbe wako kuhusu ankara namba 117. Tarehe 9 Februari niliagiza benki itume dola 4,860 kamili. Kwa nakala uliyoipata benki kwako, benki ya njiani ilikata dola 18, zikafika 4,842. Dola 10 nyengine ni ada ya benki yako ya kupokea.
>
> Dola 18 nazikubali, ni juu yangu. Nitazilipa pamoja na ankara namba 124: 3,200 za mzigo na 18 za baki ya ankara 117, jumla 3,218. Safari hii nitatuma kwa `OUR`, ada za njiani nizilipe huku.
>
> Ada ya dola 10 naomba ibaki upande wako, kwa kuwa ankara haikutaja vyenginevyo. Ukiridhika, niandikie kwamba ankara 117 imebakia dola 18 tu, nami nitatuma malipo siku ya pili yake.
>
> Wasalaam.

Ile sentensi ya kumtaka aandike kilichobaki usiiondoe. Bila hiyo, baada ya miezi sita utaletewa hesabu yenye 28 palepale, na karani aliyeelewa ameshahama.

Katika daftari lako, akaunti ya muuzaji isome kwamba umemlipa 4,842 na anakudai 18. Siku utakapozilipa deni linafutika, na zile 18 zilizokatwa njiani ziingie gharama za benki, si bei ya mali. Vyenginevyo utajikuta umepandisha bei ya koki dukani kwa kosa la kisanduku kwenye fomu.

Kuhusu hiyo `OUR`: utalipa zaidi kaunta, na uulize kiasi kabla ya kutia saini. Kwa kawaida inazuia kato la benki ya njiani, lakini benki ya muuzaji bado inaweza kumkata ada yake ya kupokea, kwa hiyo usimwahidi kwamba senti haitapungua. Ndiyo maana kwenye barua nimeandika "ada za njiani" tu.

Na kama muuzaji yupo tayari kuuza kwa shilingi ya Kenya, ulizia benki yako kuhusu EAPS, mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki. Unaunganisha mifumo ya benki kuu za ukanda huu, hivyo pesa za kwenda Mombasa hazina haja ya kuzungukia Marekani. Linganisha tu bei ya kununulia hiyo shilingi ya Kenya, maana benki inaweza kuchukua kwenye kubadilisha kile ilichokusamehe kwenye ada.