Maelekezo ya video ya korosho

"Nauza korosho za kukaanga hapa Mtwara. Nimepata dada mwenye wafuasi wengi, atanitengenezea video ya sekunde 30. Nimwandikie nini?"

Ndugu, mpe mambo matatu tu ya lazima: zimebanguliwa Mtwara, pakiti ni gramu 250, na namba ya kuagizia, aitaje na ionekane kwenye skrini. Maneno mengine achague mwenyewe. Mimi niliwahi kumwandikia kijana kila sentensi, akaisoma kama tangazo la msiba! Aongee kama anamsimulia shoga yake, afungue pakiti mwanzoni kabisa, mlio wa kutafuna usikike bila muziki.

Mipaka iandike: asiseme zinatibu kisukari wala kuongeza nguvu za kiume, na asifiche kwamba amelipwa. Akutumie uione kabla hajaiposti.