Fundi wa waya ringi, miaka mitano ijayo ujifunze nini?

Wadogo zangu mnaofunga umeme wa nyumba huku Njiro na Sakina, Arusha, mkitaka kulipwa zaidi, hamieni udhibiti wa mitambo. Taa za nyumbani zikizima, mwenye nyumba anasubiri mpaka kesho. Pampu ya shamba la maua Usa River ikisimama jua likiwaka, hakuna wa kusubiri. Isitoshe, wafunga swichi tuko wengi na tunauana kwa bei, ila wanaoweza kusoma mchoro wa paneli ni wachache.

Shida ni mpangilio. Vijana hukimbilia PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, wanapata cheti, halafu mbele ya paneli hawajui ni kontakta gani imegoma kuvuta. Miaka miwili ya kwanza komaa na kontakta, ovalodi na staa-delta, yaani kuwasha mota kwa hatua mbili, tena kwa kuelewa. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara sita hivi ya ule wa kawaida. Staa inaupunguza hadi theluthi moja, lakini nguvu ya kuzungusha nayo inabaki theluthi, ndiyo maana mota yenye mzigo mzito inaunguruma tu bila kuondoka.

Mwaka wa tatu ni wa sensa, vile vifaa vya kupima vitu kama kina cha maji, na hapa msiharakishe. Chukua tangi la mita 5 lenye sensa ya miliampia 4 hadi 20: tupu ni 4, likijaa ni 20. Mita yako ikisoma 12, toa 4 ubaki na 8. Hiyo ni nusu ya 16, kwa hiyo maji ni mita 2.5. Ikisoma sifuri je? Usiseme tangi ni tupu, maana tupu ingesoma 4. Waya umekatika, au sensa haipati umeme. Fundi asiyejua hili huagiza sensa mpya, wakati tatizo ni skrubu iliyolegea kwenye kiunganishi.

PLC ije baada ya hapo. Programu ya CODESYS ni ya bure na inaigiza mtambo ndani ya laptopu. Andikeni kazi ya tangi lilelile: pampu ya kujaza iwake maji yakishuka hadi mita 1.5, izime yakipanda hadi 4.5, na izime na kugoma kuwaka ishara ikishuka chini ya miliampia 3.6. Hicho kipengele cha mwisho wengi hukisahau, na tangi hufurika kwa sababu ya waya mmoja. Mwaka wa tano malizieni na inveta za kubadili mwendo wa mota. Leseni ya EWURA anzeni kuifuatilia mapema, msingoje mpaka kazi ipatikane.

Ila mjue, viwanda vya aina hii huku kwetu vinahesabika. Kuna sukari ya TPC kule Moshi, bia, maua, na pampu za mamlaka za maji. Asiyekuwa tayari kuhamia Dar au migodini Geita anaweza kusubiri nafasi muda mrefu, na mwenye familia alipigie hesabu hilo kabla hajaanza kusoma.