Kiungo Kilichokatika Katikati: Maswali Yenu

Nikibofya kiungo kwenye barua pepe naambiwa ukurasa haupo, lakini aliyenituma anasema kwake kinafunguka.

Tazama rangi kabla ya kubofya tena. Kama ubuluu unaishia mwisho wa mstari na maandishi yanaendelea chini yakiwa meusi, umebofya nusu ya anwani:

```
https://example.org/ripoti/2024/maji-
safi-vijijini.pdf
```

Kanuni za barua pepe zinashauri mstari usizidi herufi 78, kwa hiyo programu nyingi hukata maandishi ya kawaida karibu na hapo, na hupenda kukata penye kistari. Nakili nusu zote mbili, zibandike kwenye ukurasa mtupu wa maandishi, ziunganishe bila kuacha nafasi, kisha peleka anwani nzima kwenye kivinjari. Kistari cha mwisho wa mstari kiache kwanza, maana mara nyingi ni sehemu ya anwani, kama hapo juu. Ikishindikana, jaribu bila hicho kistari, kwani zipo programu zinazokiongeza zenyewe zinapokata neno.

Mimi ndiye mtumaji. Nifanyeje kisikatike?

Kizungushie mabano ya pembe:

```
<https://example.org/ripoti/2024/maji-safi-vijijini.pdf>
```

Kanuni ya anwani za wavuti ya mwaka 2005, RFC 3986, inayapendekeza mabano haya kwa sababu yanaonyesha mwanzo na mwisho wa anwani hata ikivunjika mistari miwili. Pia yanazuia nukta ya mwisho wa sentensi isimezwe na kiungo, kosa ninaloliona kila wiki. Si programu zote zinazoyaheshimu, basi fupisha na anwani yenyewe. Vipande vinavyoanza na `utm_` ni vya kumfuatilia msomaji tu, na ukurasa hufunguka bila hivyo. Msivitume kwa watu! Ila usifyeke kila kilicho baada ya alama ya kuuliza: kipande kama `id=482` huenda ndicho kinachotaja ukurasa wenyewe. Ukishapunguza, fungua mwenyewe kabla ya kutuma.

Si nitumie tu huduma ya kufupisha viungo?

Kwa jambo la kudumu, hapana. Msomaji haoni anakopelekwa, na huduma ikifungwa kiungo chako kinakufa ingawa ukurasa bado upo.

Kiungo hakifunguki, nisaidie.

Kimekujaje, na kinaishia herufi gani? Nimeomba hili mara nyingi. Bila hayo siwezi kukujibu.

Kwenye meseji je?

Meseji moja hubeba herufi 160. Ikizidi, hugawanywa vipande vya herufi 153 ambavyo simu ya mpokeaji huviunga. Kipande kimoja kikichelewa au kikipotea, kiungo kilichoangukia mpakani hukatika. Ukiweka kikaragosi kimoja tu, nafasi hushuka hadi herufi 70, na vipande huwa vya 67. Anza na kiungo, acha nafasi baada yake, maelezo yafuate, na vikaragosi viache kabisa.