Kuisoma hesed kuanzia Zaburi ya 89

Katika darasa la Biblia ninaloliongoza, huwa nawashauri wanaotaka kuielewa hesed, neno la Kiebrania ambalo Biblia ya Union kwa kawaida hulitafsiri "fadhili", waanzie Zaburi ya 89 badala ya Zaburi ya 136. Zaburi ya 136 ina neno hilo katika aya zote 26, lakini limo katika kiitikio kisichobadilika, kwa hiyo maana yake haipimwi na lolote. Zaburi ya 89 inalitumia mara saba tu, na kila mara linabeba hoja. (Anayetumia matini ya Kiebrania aongeze namba moja kwa kila aya ya zaburi hii, kwa kuwa kichwa chake huhesabiwa kuwa aya.)

Msomaji atazame hasa neno linalowekwa sambamba na hesed. Katika aya mbili za kwanza ni uaminifu. Katika aya ya 28 ni agano Mungu alilofanya na Daudi. Aya za 30 hadi 33 zinakwenda mbali zaidi: wana wa Daudi wakiiacha sheria watapigwa fimbo, lakini hesed haitaondolewa. Hapo huruma ya moyoni peke yake haitoshi kuwa maana, kwa sababu kinachozungumzwa ni kulishika neno ulilompa mtu, hata pale anapokukosea. Kwa hiyo, kuanzia aya ya 38, taji likiwa limetupwa chini na ngome zimebomolewa, mshairi anathubutu kumuuliza Mungu, "zi wapi fadhili zako za kwanza?" Kiebrania hapo kina wingi, kama katika aya ya 1, yaani matendo ya hesed yaliyokwisha kuonekana. Swali hilo ni dai, na msingi wake ni kiapo.

Mwaka 1927 mtaalamu wa Biblia Nelson Glueck alitoa hoja kwamba hesed ni wajibu wa watu waliofungwa na agano au uhusiano kama huo. Hoja hiyo inaifaa sana Zaburi ya 89, ila nionavyo haienei Zaburi zote. Katika Zaburi ya 51:1 mwombaji ni mkosaji asiye na kiapo cha kukitaja, na neno sambamba si agano tena bali rehema, rahamim, lenye undugu na neno la tumbo la uzazi.

Baada ya hizo mbili, nashauri isomwe Zaburi ya 109, ambamo hesed ni ya wanadamu pia. Katika aya ya 16 mshtakiwa "hakukumbuka kutenda fadhili", bali alimwandama maskini na mhitaji; aya ya 12 inataka naye asipate wa kumtendea hivyo. Kisha mwombaji, aliye maskini huyohuyo, anaiomba hesed ya Mungu katika aya za 21 na 26. Hapa hesed ni msaada wa mwenye uwezo kwa mtu asiyeweza kumlazimisha, na kutoutoa kunahesabiwa kuwa kosa.